Salamu za Nahodha kwa Timu Iliyofungwa Msimu Mzima

Ligi ya mtaa ikiisha kabla ya Krismasi, wachezaji hutawanyika. Wengine wanakwenda kwao mikoani, wengine wameshaanza kutongozwa na timu za jirani. Kwa timu iliyoburuta mkia, salamu za sikukuu za nahodha ndizo maneno ya mwisho ambayo kikosi kitabaki nayo hadi Januari. Akiandika tu "msijali, mwakani ni wetu", hakuna atakayemwamini, kwani wote waliuona msimamo wa ligi.

Kabla ya kuandika, nahodha achukue daftari la mechi. Tuseme timu imecheza mechi 14, imeshinda 2, imetoka sare 4 na kufungwa 8. Hizo ni pointi 10. Sasa aangalie ilifungwaje. Akikuta mechi 5 kati ya hizo 8 ilipoteza kwa bao moja, na 4 kati ya hizo bao lenyewe liliingia dakika 20 za mwisho, basi timu haikuzidiwa mpira. Iliishiwa pumzi, na benchi halikuwa na wa kuingia.

Hata timu za taifa hukutwa na hayo. Kwenye AFCON ya 2019 kule Misri, Taifa Stars ilipoteza mechi zote tatu za kundi. Dhidi ya Kenya iliongoza mara mbili, ikaishia kufungwa 3-2. Ukitazama matokeo peke yake utasema ilishindwa, lakini ukifuata mabao yalivyoingia utaona kwamba tatizo lilikuwa kulinda uongozi.

Baada ya hesabu hiyo, ujumbe unaweza kuwa mfupi hivi:

"Ndugu zangu, heri ya Krismasi na mwaka mpya. Tumemaliza na pointi 10, na inauma. Mechi nne zilituponyoka mwishoni tukiwa tumechoka, na mazoezini mara nyingi hatukufika hata kumi. Waliokuwa wakiwahi kuchora uwanja na kufua jezi, asanteni, tuliwaona. Likizoni kila mmoja akimbie nusu saa, mara tatu kwa wiki. Jumamosi ya pili ya Januari, saa 12 asubuhi, tukutane uwanjani. Msalimieni mama na wadogo."

Humo hakutajwa kipa aliyeachia mpira wala beki aliyesababisha penalti. Hayo huongelewa na mhusika pembeni, kwa sababu aliyeaibishwa mbele ya wenzake wakati wa sikukuu, Januari huenda akaonekana na jezi ya wengine. Kupandisha timu daraja nako hakukuahidiwa, maana nahodha hana uwezo huo.

Utajuaje kama salamu zimefika? Majibu ya "amina, kapteni" ni ya adabu tu. Akitokea mmoja wa kuuliza kama anaweza kuja na mdogo wake anayecheza kiungo, tayari benchi limeanza kupata watu.