Nyambe na Kamunu

Wako watu wanaosema kwamba wazee wa zamani walimjua Mungu, lakini Mungu huyo alikuwa mbali, hakuwashughulikia. Tusikilize kwanza hadithi ya Walozi, wakaao kwenye bonde la mto Zambezi, magharibi ya nchi ya Zambia.

Wao husimulia kwamba Nyambe, mwumba wa vitu vyote, alikaa hapa duniani pamoja na mkewe Nasilele. Palikuwa na mtu mmoja, Kamunu, aliyemwiga Nyambe katika kila kazi. Nyambe akichonga mti, naye alichonga. Nyambe akifua chuma, naye alifua. Kisha Kamunu akafua mkuki, akaanza kuua wanyama. Nyambe alichukizwa, kwa maana wanyama nao walikuwa viumbe vyake.

Baadaye Kamunu aliomba shamba, akapewa. Usiku nyati wakaingia shambani, akamwua mmoja. Ndipo chungu chake kikavunjika. Akaua mnyama mwingine, mbwa wake akafa. Akaua tena, na safari hii akafa mtoto wake. Kila mara Kamunu alikwenda kwa Nyambe, akavikuta huko vile alivyopoteza: chungu, mbwa, hata mtoto. Akaomba dawa ya kuvihifadhi vitu vyake, asipewe.

Hapo ndipo Nyambe alipoanza kumkimbia. Alihamia kisiwani, Kamunu akaunda chelezo cha matete, akamfuata. Alihamia mlimani; Kamunu akapanda. Mwishowe Nyambe alipanda mbinguni kwa uzi wa buibui. Kamunu akafunga miti juu ya miti ili amfikie, lakini ikaanguka kwa uzito wake.

Wengine wakisikia habari ya miti hiyo husema, “Huu ni mnara wa Babeli tu.” Sisi twaona tofauti kubwa. Watu wa Babeli walitaka kujifanyia jina. Kamunu alimfuata yule aliyekuwa na mtoto wake. Nani kati yetu aliyezika mtoto asimfahamu?

Waashanti wa Ghana nao husimulia kwamba Nyame alikuwa karibu, mpaka kikongwe mmoja aliyetwanga fufu akawa anampiga kila mara kwa mchi wake. Akaondoka kwenda juu. Kikongwe akawaamuru watoto wake wapange vinu, kimoja juu ya kingine. Kilipopungua kimoja tu, akasema wakitoe cha chini kabisa; vyote vikaporomoka.

Lakini je, walimsahau aliyeondoka? Walozi husema kwamba tangu siku ile Kamunu huliamkia jua kila asubuhi, akisema, “Mfalme wetu amekuja.” Na Waashanti walisimika uani tawi la mti lenye panda, liitwalo nyamedua, maana yake mti wa Mungu. Bwana Rattray aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1923. Juu ya panda waliweka chungu cha maji, na maji hayo waliwanyunyizia watu wa nyumbani.