Kukaanga viungo na mbegu za maboga: sekunde chache zinazoleta uchungu

Juzi kijana mmoja ninayemtembelea shambani alinionyesha pakiti zilizorudishwa na wateja. Ndani kuna mbegu za maboga zilizomenywa, bizari nyembamba na giligilani. Malalamiko yalikuwa moja tu: chungu!

Nikamuuliza anakaangaje. "Bwana shamba, natia vyote pamoja kwenye kikaango bila mafuta, nasubiri mbegu za maboga zibadilike rangi." Basi, tatizo liko hapo hapo. Mbegu ya boga ni kubwa, inahitaji dakika tatu hadi nne. Bizari ni kapunje kadogo, kwa sekunde 90 imeshamaliza. Ukiisubirisha zaidi inaungua, na uchungu wake unaenea pakiti nzima.

Tukarudia kazi jikoni kwake, kila kitu peke yake. Tuliweka kikaango kizito kwenye gesi, moto kati ya mdogo na wastani, dakika mbili. Kisha tone la maji. Likichemka na kukauka papo hapo, moto uko sawa. Likiviringika kama gololi, kikaango kimezidi, kiepue kwanza kipoe.

Bizari tuliitandaza safu moja tu, tukakoroga bila kuacha. Kwenye sekunde 60 harufu ikapanda, kwenye 75 rangi ikakolea kidogo, tukaimwaga. Ukiona moshi, umechelewa. Giligilani ilikwenda kama sekunde 100, mpaka ikawa ya dhahabu. Mbegu za maboga tulipunguzia moto. Zilianza kuvimba na kupasuka-pasuka kwenye dakika ya pili, na tukaziepua karibu sekunde 200, zikiwa na madoa machache ya kahawia. Zikiwa kahawia zote, mafuta yake yameungua. Hakikisha pia zimekauka vizuri juani kabla, maana mbegu yenye unyevu inaungua nje huku ndani bado mbichi.

Sasa sikiliza hili, ndilo linalowaponza wanaokaanga kwa kuuza. Mkupuo wa pili kikaango kina moto zaidi kuliko wa kwanza. Bizari yetu ya pili ilifika kwa sekunde 60, siyo 75. Kwa hiyo saa ya simu inakusaidia kujua uanze kuangalia lini. Kuepua unaamuliwa na pua na macho. Au rudia lile tone la maji kila mkupuo.

Ukizima jiko, usiache mzigo kwenye kikaango, kwani chuma bado kinakaanga. Mwaga mara moja kwenye sinia baridi, tandaza. Zikipoa, tafuna punje chache za kila mkupuo kabla ya kuchanganya. Mkupuo wenye uchungu utupe, hata kama roho inauma. Gramu 100 za bizari zilizoungua zinaharibu kilo nzima ya mbegu nzuri.