Mtu akifa, roho inabaki wapi? Jibu la Wataita wa zamani

Sisi watu wa Pwani husema mtu "amekata roho", na tukisema hivyo tunakubali kwamba kuna kitu kimetoka na mwili umebaki mtupu. Kwa Waislamu roho hiyo hungoja barzakhi mpaka Siku ya Kiyama, ambapo itarudishwa mwilini. Mkristo naye hungoja ufufuo. Maiti huzikwa kwa heshima, kisha haiguswi tena.

Wataita wa zamani, kuanzia Dawida na Sagalla hadi Kasigau, hawakuona hivyo. Mzee alizikwa, lakini nyama ikishaoza kaburi lilifukuliwa, fuvu likatolewa na kuwekwa chini ya mwamba pamoja na mafuvu ya wazee wa ukoo wake. Hapo ndipo alipokuwa. Ugonjwa au ukame ulipowapata, jamaa walimwendea palepale na sadaka, wakazungumza naye. Mwenye kudhani walikuwa wakiabudu mifupa ameelewa vibaya, maana kwao yule alikuwa bado ni baba, tena baba anayeweza kukasirika.

Hasira ndiyo iliyokuwa kiini cha mambo. Mtafiti Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima juu yake. Tuseme mtoto anaugua. Mwaguzi hutafuta ni nani mwenye kinyongo: huenda ni marehemu, huenda ni shangazi aliyenyimwa haki yake. Shangazi huyo si mchawi, na pengine hana habari kwamba moyo wake umechafuka. Huitwa, hunywa funda la pombe au maji, hulipuliza nje huku akitamka maneno ya kuitoa hasira na kumtakia mtoto afya. Hiyo ndiyo kutasa. Kinyongo kilichomo moyoni mwa mmoja kimeugusa mwili wa mwingine, na dawa yake imetoka kinywani. Sasa niambie, hapo mpaka wa mwili, akili na roho utauchora wapi? Mimi sioni pa kuuchora.

Ukilielewa hilo, utaona uzito wa yaliyowapata Wakasigau mwaka 1915. Waingereza waliwashuku kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamisha hadi Malindi. Wengi walikufa huko kwa maradhi, na waliosalia hawakurudi mlimani mpaka miaka ya 1930. Kwa imani ya roho iliyojitenga na mwili, aliyezikwa Malindi huombewa dua popote alipo mwanawe. Lakini kwa mila ile, mzee ambaye fuvu lake halikufika kwenye mwamba wa ukoo wake hakuwa na pa kukaa. Nao waliokwisha kuwekwa huko kabla ya 1915 walikaa zaidi ya miaka ishirini bila mtoto wala mjukuu wa kuwaletea neno.