Zebaki na Mama Mjamzito: Picha Hii Inasema Nini?

Mzazi wa Kambarage, huenda umetumiwa picha ya muhtasari wa utafiti wa 2019 kuhusu wajawazito na machimbo ya dhahabu. Kwa lugha rahisi, unasema hivi.

Kaskazini mwa Tanzania walipimwa wajawazito 1,056: 883 wanaoishi maeneo ya wachimbaji wadogo, 173 mbali na machimbo. Zebaki ilipimwa kwenye damu, aseniki kwenye mkojo. Vyote vilikuwa juu zaidi kwa akina mama wa machimboni.

Hapo waliopimwa ni mama, si mtoto. Kwa hiyo uliza:

- Zebaki iliingiaje: moshi wa kuchomea dhahabu au samaki?
- Kiwango hicho kinadhuru mimba?
- Watoto walifuatiliwa walipozaliwa?