Nusu ya Mashine Zilizimwa, Bitkoini Ikaendelea

Mei 2021 serikali ya China ilianza kuwabana wachimbaji wa bitkoini. Katika majuma machache, karibu nusu ya nguvu ya kompyuta zilizokuwa zikiendesha mtandao huo duniani ikazimika. Malipo yakawa mazito kwa muda. Kufika Julai 3 mtandao ulikuwa umelegeza masharti yake wenyewe, na kazi ile ile ikaendelea kwa mashine chache zaidi. Basi zile zilizozimwa zilikuwa zikila umeme wa nini?

Bitkoini haina benki ya kuitunzia hesabu. Malipo hukusanywa katika mafungu yaitwayo bloku, na kila bloku hubeba alama ya ile iliyoitangulia. Mchimbaji huipachika bloku yake namba yoyote, kisha huipitisha katika kanuni ya hesabu iitwayo SHA-256, ambayo hutoa namba ndefu isiyotabirika. Ikitoka ndogo kuliko kikomo kilichowekwa, ameshinda. Isipotoka hivyo, hubadilisha namba aliyoipachika na kujaribu upya, matrilioni ya mara kwa sekunde, maana njia ya mkato haipo. Tangu Aprili 2024 mshindi hupewa bitkoini 3.125 pamoja na ada za malipo. Walioshindwa, umeme wao umekwenda.

Gharama hiyo ndiyo ulinzi wenyewe. Tapeli anayetaka kuyafuta malipo aliyokwisha kuyafanya lazima airudie bloku ile na zote zilizofuata, huku akiwapita mbio wachimbaji wengine wote kwa pamoja. Ili awe na hakika ya kufaulu anahitaji zaidi ya nusu ya nguvu ya mtandao. Sarafu ndogo ya Bitcoin Gold haikuwa na wachimbaji wa kutosha. Mei 2018 mtu aliikusanyia nguvu kuwazidi, akauza sarafu zake katika masoko ya mtandaoni, kisha akazirudisha mikononi mwake. Hasara ilifika dola milioni 18 hivi.

Sasa umeme. Kila baada ya bloku 2,016, yaani kama majuma mawili, kikomo hupangwa upya ili bloku moja ipatikane kwa takriban dakika 10. Mashine zikiongezeka, fumbo huwa gumu zaidi. Malipo yanayopita hayaongezeki. Hata mashine isiyokula umeme mwingi haipunguzi matumizi ya jumla, kwa kuwa mwenye nayo hununua nyingine maadamu bei ya bitkoini inamlipa. Ndiyo maana Chuo Kikuu cha Cambridge hukadiria kwamba mtandao huu hutumia zaidi ya uniti bilioni 100 kwa mwaka.

Kwa hiyo wanaosubiri teknolojia bora ipunguze bili hii wanajidanganya. Ethereum iliipunguza kwa zaidi ya asilimia 99 Septemba 2022, lakini kwa kuuacha uchimbaji kabisa: wahakiki wake huweka rehani sarafu zao, na anayedanganya hunyang'anywa.