Kwa nini ukuta huegemea kwenye picha ya sebule

Mteja hutazama picha ya sebule iliyochorwa kwa kompyuta, akaona milango imeinamiana juu kana kwamba nyumba inafinywa. Kosa mara nyingi si la ukuta. Mchoraji ameinua uso wa kamera ili dari lionekane, na kamera iliyoinama haiko tena sambamba na kuta.

Katika programu ya Blender, dawa ya kwanza ni kuilaza kamera sawasawa: Rotation X iwe nyuzi 90. Kisha picha ipandishwe kwa Shift Y, bila kuigeuza kamera.

Tuchukue ukuta wenye kimo cha mita 3.6, kamera ikiwa mita 4 mbele yake na mita 1.2 juu ya sakafu. Kwa lenzi ya milimita 24 na picha ya uwiano wa 3:2, kamera iliyo sawa huona hadi mita 3.2 tu, kwa hiyo dari hukatwa. Shift Y ya 0.1 hupandisha mwono kwa sentimita 60, na dari huingia huku milango ikibaki wima.

Wengine hukimbilia lenzi ya milimita 16. Dari litaingia, lakini kiti kilicho pembeni kitavutika kama kochi. Afadhali kurudi nyuma kwa lenzi ya 28, hata kupita nyuma ya ukuta. Clip Start huuficha ukuta huo machoni pa kamera.

Shift ikizidi sana, nayo hurefusha vitu vya juu: taa ya mviringo huwa yai.