Pasipoti ya mtoto: mzazi mmoja asipoweza kufika, ni karatasi gani ya kubeba?

Majengo ya Pumwani, jijini Nairobi, ni mtaa ambao watu wake wengi wana jamaa Mombasa, Lamu na Ughaibuni. Ni kawaida kukuta mama anamlea mtoto hapa na baba yuko Doha au Jeddah kikazi. Ikifika siku ya kumtafutia mtoto pasipoti ya kwanza, jambo linalowakwamisha wengi ni sehemu ya ridhaa ya wazazi.

Maombi huanzia eCitizen. Fomu ya maombi, Form 19, huchapishwa, na kwa mtoto aliye chini ya miaka 18 mna sehemu ambayo mzazi au mlezi wa kisheria hutia sahihi kwamba ameridhia apewe pasipoti. Kisha mtoto mwenyewe hupelekwa kwa Idara ya Uhamiaji, Nyayo House kwa wakazi wa Nairobi au jumba la Uhuru na Kazi kwa walioko Mombasa, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi.

Afisa huanza kwa kusoma cheti cha kuzaliwa. Kama majina ya wazazi wawili yamo, atataka kujua kila mmoja yuko wapi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inampa baba na mama wajibu sawa juu ya mtoto, wawe wameoana au la, na hakuna aliye juu ya mwenzake. Ridhaa inalindwa hivyo ili mzazi mmoja asimtoroshe mtoto nje ya nchi bila mwenzake kujua.

Kutofika kwa mzazi si sawa na kukataa. Muhimu ni sababu ya kutofika, maana kila sababu ina karatasi yake.

Tuchukue mfano wa mama wa Majengo mwenye mtoto wa miaka saba, na mumewe yuko Doha. Baba ataandika barua ya ridhaa yenye jina lake kamili, nambari ya kitambulisho au pasipoti, jina la mtoto kama lilivyo kwenye cheti, na kauli kwamba amekubali mtoto apewe pasipoti. Barua hiyo aitie sahihi mbele ya afisa wa ubalozi wa Kenya huko aliko, aambatanishe nakala ya kitambulisho au pasipoti yake, kisha atume karatasi yenyewe. Picha ya sahihi iliyotumwa kwa WhatsApp ni rahisi kukataliwa, kwa kuwa haionyeshi ni nani aliyeitia. Jambo jingine ni majina. Cheti kikisema Swaleh na kitambulisho Saleh, afisa anaweza kuona ni watu wawili, kwa hivyo linganisheni herufi kabla ya kuondoka nyumbani.

Mzazi akiwa amefariki, kinachotakiwa ni cheti cha kifo. Hapa ndipo familia nyingi zetu hunaswa. Sisi huzika siku ile ile, na kibali cha maziko kikishapatikana, suala la cheti husahaulika. Kibali hicho si cheti cha kifo. Anzeni kwa kukitafuta cheti kwa msajili wa vizazi na vifo.

Kama cheti cha kuzaliwa kina jina la mama peke yake, hueleza hali yake kwa hati ya kiapo, iliyoapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Lakini jina la baba likiwamo, kuapa kwamba hayupo hakumfuti.

Talaka nayo ina utata wake. Hati kutoka kwa Kadhi inathibitisha kuwa ndoa imekwisha. Haimwondolei baba haki yake juu ya mtoto. Akikataa kuridhia, au akiwa amepotea miaka mingi, njia ni Mahakama ya Watoto, ambayo inaweza kutoa amri kuhusu malezi na pasipoti. Asiye na uwezo wa wakili aulize FIDA Kenya au Kituo cha Sheria, ambao husaidia watu kisheria. Barua ya chifu inaweza kueleza hali ya familia, lakini haishiki nafasi ya amri ya mahakama. Vivyo hivyo kwa bibi aliyelea mjukuu tangu utotoni: mbele ya afisa yeye si mlezi wa kisheria mpaka awe na karatasi inayosema hivyo.

Mwisho, ridhaa ya pasipoti si ridhaa ya safari. Mtoto akisafiri na mzazi mmoja, uwanja wa ndege wanaweza kuuliza barua ya yule mwingine. Baba wa Doha akiwa yuko ubalozini, aandike zote mbili siku hiyo hiyo.